Wasifu wa waanzilishi kwenye slaidi ya timu: uandike nembo, kazi iliyofanyika, au chanzo?

Mara nyingi slaidi ya timu huandikwa mwisho, usiku wa kuamkia siku ya kutuma wasilisho kwa mwekezaji. Picha tatu za duara, majina, vyeo, na sentensi moja moja iliyonakiliwa kutoka LinkedIn. Mwekezaji anaisoma na kubaki na swali alilokuja nalo: sawa, watu hawa wana sifa, lakini kwa tatizo hili, kwa nini wao?

Ziko njia tatu ambazo waanzilishi hutumia kulijibu swali hilo. Wapo wanaoorodhesha mahali walikosoma na walikofanya kazi. Huo tuuite wasifu wa nembo. Wapo wanaotaja jambo moja walilolifanya na matokeo yake. Huo ni wasifu wa kazi. Na wapo wanaoeleza walivyokutana na tatizo na walichokiona ambacho wengine hawakukiona. Huo ni wasifu wa chanzo. Kila mmoja una mahali pake. Shida huanza mtu anapochagua kwa kuangalia wenzake walivyofanya, bila kujua msomaji wake ana shaka gani.

## Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza, na ndicho kizito kuliko vyote, ni shaka ambalo wasifu unalijibu. Kila biashara changa ina mambo mawili au matatu ambayo yakishindikana, kila kitu kimeshindikana. Sentensi isiyogusa hata moja kati ya hayo ni pambo, hata ikiwa na heshima kiasi gani.

Cha pili ni kama dai linahakikika. Mwekezaji makini atapiga simu kwa watu uliofanya nao kazi, tena si wale tu uliompa. Jiulize: ni nani, akipigiwa simu, atairudia sentensi hii karibu kama ilivyoandikwa? Kama hayupo, iandike upya.

Cha tatu ni muda wa kusoma. Mwaka 2015 kampuni ya DocSend, ikishirikiana na Harvard Business School, iliangalia jinsi wawekezaji wanavyopitia mawasilisho, ikakuta wastani wa dakika 3 na sekunde 44 kwa wasilisho zima. Kurasa za timu zilikuwa miongoni mwa zile zilizotazamwa kwa muda mrefu zaidi, lakini hata hivyo tunazungumzia sekunde tu. Kwa waanzilishi watatu, maneno 25 hadi 35 kwa kila mmoja yanasomeka. Yakifika 60, jicho linaruka.

## Mfano tutakaoutumia

Tuchukue kampuni ya kutunga. Inatengeneza kihisi kidogo kinachowekwa ndani ya friji ya chanjo, ambacho hutuma ujumbe kwenye simu joto likitoka nje ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, kiwango ambacho chanjo nyingi hutunzwa. Waanzilishi ni watatu. Mkurugenzi mtendaji ni mfamasia aliyesimamia stoo ya hospitali kwa miaka 6. Mkuu wa teknolojia ni mhandisi wa elektroniki aliyetoka kampuni ya mita za umeme. Mkuu wa mauzo aliwahi kuuza vifaa vya maabara kwa hospitali.

Mwekezaji akisoma kurasa za mwanzo za wasilisho hili, mashaka yake yatakuwa matatu. La kwanza: friji tayari zina vipimajoto, na vinasa joto vya siku 30 vinauzwa kila mahali, je, tatizo lipo kweli? La pili: kifaa kitavumilia baridi, unyevu na kukatika kwa umeme, na je, hawa wanaweza kukizalisha kwa maelfu? La tatu: hospitali hununua polepole sana, nani hapa anajua kuupita mlango huo?

Yaandike mashaka hayo kwenye karatasi kabla ya kuandika neno lolote la wasifu. Chora jedwali: mashaka yashuke upande wa kushoto, majina yakae juu, na kila kisanduku kijazwe na ushahidi tu. Ukijaza "ana bidii" au "anajifunza haraka", kisanduku hicho bado ni kitupu. Baada ya hapo ndipo uchague aina ya wasifu kwa kila mtu, kwa sababu hakuna sheria inayosema wote watatu waandikwe kwa njia moja.

## Wasifu wa nembo

Unavyoandikwa. Cheo cha sasa, elimu, mwajiri wa zamani, idadi ya miaka:

> Mkuu wa teknolojia. Shahada ya uzamili ya uhandisi wa elektroniki. Mhandisi mwandamizi wa zamani katika kampuni ya mita za umeme. Uzoefu wa miaka 9.

Shaka unalojibu. Nembo inasema kwamba kuna mtu mwingine aliyekwisha kumchuja huyu kabla yako: chuo kilimpokea, kampuni ilimwajiri, bodi ya taaluma ilimpa leseni. Hilo si jambo dogo kwa msomaji asiyekujua kabisa. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2017 kwenye Journal of Finance, watafiti Bernstein, Korteweg na Laws walitumia barua pepe za kampuni changa 21 zilizopelekwa kwa wawekezaji karibu 4,500 wa jukwaa la AngelList, wakibadilisha kwa bahati nasibu taarifa ambazo kila mwekezaji aliziona. Mwekezaji wa kawaida aliitikia taarifa za timu. Taarifa za mafanikio ya biashara na za wawekezaji waliotangulia hazikumsogeza kwa kiwango kinachopimika. Na taarifa hizo za timu zilikuwa hasa vyuo na waajiri wa zamani. Kwa hiyo anayedharau nembo anadharau kitu kinachofanya kazi, hasa pale ambapo lengo ni mtu afungue tu barua yako.

Lakini angalia mhandisi wetu. Shaka la pili linauliza kama anaweza kupeleka kifaa kiwandani. Kampuni ya mita inaweza kuwa na wahandisi mia, na wengi wao hawajawahi kuona kifaa walichokichora kikitoka kiwandani. Nembo inatupeleka hadi mlangoni na kutuacha hapo.

Unavyohakikika. Kirahisi kuliko wote: cheti kipo, mkataba wa ajira upo. Kwa sababu hiyo hiyo ndipo uongo mdogo unapoonekana haraka. Mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu yakiandikwa "zamani wa kampuni fulani", tarehe za LinkedIn zitasema vingine, na msomaji akikukamata hapo hatarudi kuyaamini makadirio yako ya mapato.

Unapovunjika. Nembo isiyojulikana kwa msomaji ni bubu. Mwajiri mashuhuri katika nchi moja anaweza kuwa jina tupu kwa mwekezaji wa kwingine. Hapo ongeza maneno matatu ya kumweleza, kwa mfano "mzalishaji wa mita za umeme", na uache sifa. Nembo isiyohusiana na tatizo ni mbaya zaidi, kwa kuwa inaibua swali jipya: mtu huyu aliyefanya benki miaka 10 anatafuta nini kwenye friji za chanjo? Na tahadhari ya kisheria: picha za nembo za waajiri wa zamani ni alama za biashara zao, na kuzipanga chini ya picha zenu kunaweza kusomwa kana kwamba kampuni hizo zinawaunga mkono. Andika jina kwa maandishi tu.

Unamfaa nani. Timu ambayo majina iliyopitia yamo ndani ya tasnia ileile ya tatizo, na barua ya kwanza kwa mtu asiyewajua. Unafaa pia pale ambapo kazi yenyewe haifanyiki bila leseni: dawa, sheria, ukaguzi wa hesabu, umeme wa majengo. Mfamasia wetu lazima aandike kwamba ni mfamasia aliyesajiliwa, hata kama wasifu wake uliobaki utakuwa wa aina nyingine.

## Wasifu wa kazi

Unavyoandikwa. Kitenzi, kitu kilichofanywa, kipimo, muda:

> Mkuu wa teknolojia. Akiwa na timu ya watu 4, alisanifu bodi ya mita ya umeme iliyozalishwa vipande 40,000. Alipunguza mita zinazorudishwa kwa hitilafu kutoka 6 hadi 2 katika kila 100, ndani ya miezi 14.

Ni mtu yuleyule. Lakini sasa shaka la pili limepata jibu bila mtu kulitaja: amewahi kuzalisha kwa wingi, na amewahi kuona vifaa vikirudi vimeharibika akatafuta sababu. Kwa anayejua elektroniki, sehemu ya mita zilizorudi ina uzito kuliko ile ya vipande 40,000, maana kuchora bodi ni hatua moja, na kuifanya idumu miaka ukutani kwa mtu ni hatua nyingine kabisa.

Shaka unalojibu. Uwezo wa kutekeleza. Mfano halisi unaojulikana ni wasilisho la mwanzo la Airbnb. Kwa wabunifu wawili, Brian Chesky na Joe Gebbia, slaidi ya timu ilitaja shahada zao za usanifu kutoka Rhode Island School of Design. Kwa mhandisi wao, Nathan Blecharczyk, ilitaja pia programu aliyoitengeneza kwa ajili ya Facebook, pamoja na idadi ya watumiaji wake: 75,000. Shaka kuhusu tovuti ya kupangisha vyumba lilikuwa kama kuna mtu wa kujenga kitu ambacho watu wengi watakitumia, na namba moja kwenye mabano ililigusa shaka hilo.

Unavyohakikika. Hapa ndipo penye kazi. Kitenzi ndicho kinachobeba dai, kwa hiyo kichague kama unayekula kiapo. "Alisanifu" ni kwamba michoro ni yake. "Aliongoza" ni kwamba watu waliripoti kwake. "Alishiriki" ni kwamba alikuwepo. Wengi huandika "aliongoza" palipo na "alishiriki", kisha bosi wa zamani akipigiwa simu anasema kwa upole, "alikuwa kijana mzuri kwenye timu yetu," na mambo yanaishia hapo. Kutaja ukubwa wa timu, kama tulivyofanya kwa "watu 4", kunakulinda, kwa sababu msomaji anaona mwenyewe sehemu yako ni kubwa kiasi gani.

Unapovunjika. Kwanza, namba isiyo na mwanzo. "Alikuza mauzo mara tatu" inaweza kuwa kutoka wateja 2 hadi 6. Weka namba ya mwanzo na ya mwisho, au usiweke kabisa. Pili, siri za mwajiri wa zamani. Kiwango cha hitilafu cha bidhaa ya mtu kinaweza kuwa taarifa ya ndani iliyofungwa na mkataba wa usiri. Kama namba haijatangazwa hadharani, omba ruhusa ya maandishi, au tumia uwiano usiofichua kiasi ("alipunguza marejesho kwa theluthi mbili"), au eleza kazi bila namba. Mwekezaji akiona umemwaga siri za jana, atajiuliza utazimwaga zake lini.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliona ukiwa ndani: kazi nzuri inayojibu shaka lisilokuwepo. Tuseme mhandisi huyu aliwahi pia kushinda shindano la programu za simu. Ni kweli na linahakikika, lakini hakuna mwekezaji anayekosa usingizi kwa sababu ya programu ya simu ya kampuni hii. Wasiwasi uko kwenye betri, unyevu na kiwanda. Shindano lile linakula maneno 12 ambayo yangeweza kusema kwamba mita zile zilikuwa nje ya majengo, juani na mvuani.

Unamfaa nani. Mtu aliyefanya kazi inayofanana na ile ngumu ya sasa, hata kama alikuwa mahali pasipo na jina. Kwa fundi aliyetoka kampuni ndogo, hii ndiyo njia inayomweka sawa na aliyetoka kampuni kubwa.

## Wasifu wa chanzo

Unavyoandikwa. Alikuwa wapi, aliona nini, alifanya nini na alichokiona:

> Mkurugenzi mtendaji. Mfamasia aliyesajiliwa, alisimamia stoo ya chanjo miaka 6. Joto lilisomwa asubuhi na jioni, na kuganda kwa usiku hakukuonekana. Alipima friji zake 11 kila dakika 10 kwa wiki mbili: 4 zilishuka chini ya 0.

Maneno haya yanastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu yanabeba kitu ambacho mtu wa nje hawezi kukiandika. Mtu wa nje akifikiria chanjo kuharibika, anafikiria joto: umeme umekatika, friji imepata joto, dozi zimeoza. Aliyekaa stoo anajua kwamba baridi kupita kiasi nayo ni adui. Chanjo zenye chumvi za aluminiamu, kama ile ya homa ya ini ya B, zikiganda huharibika, na kuyeyuka hakuzirudishii nguvu. Shirika la Afya Duniani linaelekeza joto la friji lisomwe walau mara mbili kwa siku. Friji ikishuka chini ya 0 saa nane usiku na kupanda tena alfajiri, kipimajoto cha asubuhi kitasoma 4, daftari litaandikwa 4, na dozi zilizokufa zitatolewa kama kawaida. Kinasa joto cha siku 30 kitaweka alama ya tahadhari kwenye kioo chake, lakini atakayeiona ni yule atakayefungua chumba asubuhi, na kwa dozi zilizokwisha kuganda amechelewa.

Kwa hiyo shaka la kwanza, kwamba friji tayari zina vipimajoto, limejibiwa na wasifu wa mtu mmoja. Limejibiwa kwa namna inayoeleza pia kwa nini kifaa kinatuma ujumbe kwenye simu ya mtu badala ya kupiga kelele ndani ya chumba kisicho na mtu.

Shaka unalojibu. Kwamba tatizo lipo, na kwamba hawa wanaliona vizuri kuliko wengine. Hapa lazima nitenganishe vitu viwili ambavyo huchanganywa karibu kila siku. Kuguswa na tatizo ni kitu kimoja, kulijua ni kingine. "Ndugu yangu aliugua ugonjwa unaozuilika kwa chanjo" ni sababu ya kweli na ya heshima ya kuianza kampuni, lakini inaeleza nia tu. Kipime hivi: futa jina la mwanzilishi, kisha jiulize kama msomaji yeyote wa magazeti angeweza kuandika sentensi ile. Kama angeweza, bado hujafika kwenye chanzo.

Unavyohakikika. Hisia hazihakikiki, vipimo vinahakikika. Zile friji 11 ziwe na faili la data, na grafu ya usiku mmoja iwekwe kwenye kiambatisho mwishoni mwa wasilisho. Wasifu wa chanzo usio na kitu cha kuonyesha nyuma yake husikika vizuri chumbani na kuyeyuka siku ya uhakiki.

Unapovunjika. Hatari ya kwanza ni kuwalazimisha waanzilishi wote kuwa na simulizi. Mhandisi wetu hakukutana na chanjo popote. Aliletwa na mfamasia, na hilo halina ubaya wowote. Akitungiwa simulizi itasikika kuwa imetungwa, na itaitia doa ile ya kweli iliyo pembeni yake.

Ya pili ni ya umiliki. Mfamasia alipima friji akiwa mwajiriwa, ndani ya stoo ya mwajiri, labda kwa vifaa vya mwajiri. Mikataba mingi ya ajira inampa mwajiri haki juu ya kile kilichobuniwa kazini. Kabla ya kuandika sentensi hii mbele ya wawekezaji, soma mkataba, na kama una kifungu hicho pata barua ya mwajiri inayosema hana dai. Mwanasheria wa mwekezaji ataiomba, na ni afadhali iwe mkononi kuliko kuanza kuitafuta wakati fedha zinasubiri. Data zenyewe nazo ziombewe ruhusa, na hospitali isitajwe jina bila idhini yake.

Ya tatu ni urefu. Chanzo kinataka kusimuliwa, na slaidi haina nafasi. Kama kinazidi maneno 40, sehemu yake ya tatizo ihamie slaidi ya tatizo, na wasifu ubaki na mstari mmoja unaosema kwamba aliyepima ni huyu.

Unamfaa nani. Mwanzilishi aliyetoka ndani ya tasnia, hasa kabla ya mauzo kuanza, wakati ambapo ushahidi pekee kwamba tatizo lipo ni macho yake.

## Mtu mmoja, njia tatu

Mkuu wa mauzo ndiye anayeonyesha vizuri kwamba uchaguzi unategemea hali. Kwa nembo: "Meneja wa mauzo wa vifaa vya maabara, miaka 7." Kwa kazi: "Aliuza kwa hospitali 31, alifupisha muda kutoka mkutano wa kwanza hadi malipo, kutoka miezi 9 hadi 5." Kwa chanzo: "Alijifunza kwamba ununuzi ulio chini ya kiwango fulani cha fedha huidhinishwa na mkuu wa idara bila zabuni, bei ya kifaa chetu imewekwa chini ya kiwango hicho."

Ya pili inajibu shaka la tatu moja kwa moja. Ya tatu inafanya zaidi: inaonyesha ujuzi wa mtu ukiwa umekwisha kuibadilisha bidhaa. Sentensi ya namna hiyo ni adimu, na ukiwa nayo usiiache ipotee. Lakini kama kampuni tayari ina hospitali 20 zinazolipa, slaidi ya mauzo imekwisha kulijibu shaka hilo kwa sauti kubwa kuliko wasifu wowote, na hapo ile ya kwanza inatosha.

## Kisanduku kilichobaki kitupu

Rudi kwenye lile jedwali. Katika timu yetu, mhandisi amewahi kusanifu kwa ajili ya uzalishaji, lakini hakuna aliyewahi kuthibitishiwa kifaa cha afya na mamlaka ya udhibiti. Pengo hilo mwekezaji ataliona hata msipolisema. Aina yoyote ya wasifu mtakayochagua, msilifiche kwa kuongeza picha sita za washauri. Mshauri mmoja anatosha, akiandikwa pamoja na anachofanya: "Anapitia nyaraka zetu za usajili, saa 6 kwa mwezi." Kama hayupo, andika chini ya slaidi nafasi mnayokwenda kuijaza kwa mtaji huu na mwezi mnaotarajia kuijaza. Ongeza pia mambo mawili ambayo nembo, kazi na chanzo vyote huyaacha: nani yuko muda wote na tangu lini, na nyinyi watatu mmefanya kazi pamoja kwa muda gani. Mstari mmoja unatosha, na unamwondolea msomaji hofu ya timu iliyokutana wiki iliyopita.

## Uchague upi, kwa hali gani

Unatuma barua kwa mwekezaji asiyekujua na hakuna wa kukutambulisha: tanguliza nembo zinazohusiana na tatizo, na kwa kila mtu ongeza kipande kimoja cha kazi. Ukiwa na maneno machache, kata elimu kabla ya kukata kazi, isipokuwa elimu hiyo ndiyo leseni.

Hamna mauzo bado, na bidhaa ni rahisi kutengeneza: ugumu uko kwenye kuliona tatizo, kwa hiyo wasifu wa chanzo wa mtu mmoja ubebe slaidi, na wengine waandikwe kwa kazi. Slaidi yenyewe isogee mbele, mara baada ya slaidi ya tatizo.

Hamna mauzo, na bidhaa ni ngumu kujenga, kama kifaa, dawa au mfumo wa malipo: wasifu wa kazi wa anayejenga ndio uzito. Chanzo kibaki kwa mkurugenzi pekee.

Mna wateja wanaolipa na namba zinapanda: fupisha wasifu wote hadi maneno 15, irudishe slaidi nyuma, na utaje kazi pale tu inapohusu hatua inayofuata, kwa mfano mtu aliyewahi kuvuka kutoka wateja 20 hadi 500.

Waanzilishi ni vijana, hawana mwajiri wa kutaja: msijaze nafasi kwa vyeo vya klabu za chuo. Andikeni kilichojengwa, hata kikiwa kidogo, pamoja na namba ya waliokitumia. Na kama mmekaa miezi mitatu na wafamasia 15 mkiwatazama wanavyofanya kazi, hicho ndicho chanzo chenu, mkiandike pamoja na kile mlichokigundua.

Unawasilisha ana kwa ana: andaa toleo la pili la slaidi ileile, lenye maneno yasiyozidi 12 kwa mtu, na yaliyobaki myaseme kwa mdomo, kila mmoja lake. Toleo refu ndilo mtakalotuma kwa barua pepe baada ya kikao, kwa sababu litasomwa na washirika wa mwekezaji ambao hawakuwemo chumbani.